Zuio la hoteli lisipofunguliwa, mtaji hulala Dubai

Wafanyabiashara wanaosafiri kwenda Dubai hupiga hesabu ya mambo mengi kabla ya kupanda ndege. Huangalia nauli, viza, bei ya chumba, gharama za mzigo na thamani ya dirham. Jambo ambalo wengi hawaliweki kwenye hesabu hiyo ni fedha ambazo hoteli na kampuni ya kukodisha magari huzizuia kwenye kadi zao. Fedha hizo hazijalipwa kwa mtu yeyote, lakini mwenyewe hawezi kuzitumia, na kwa mtu ambaye kadi yake imebeba mtaji wa safari nzima, tofauti kati ya kulipa na kuzuiwa haimsaidii chochote siku anapotaka kununua bidhaa.

Malalamiko yanayosikika kwa wasafiri hao ni ya aina mbili. Wapo wanaosema wamekatwa mara mbili kwa chumba kimoja. Wapo pia wanaosema walishalipa, wakarudi nyumbani, halafu wiki tatu baadaye kadi ikakatwa tena bila wao kuulizwa. Mara nyingi malalamiko haya huchanganywa pamoja na kuitwa wizi. Kumbe ni mambo mawili yenye sababu tofauti, na kila moja lina dawa yake. La kwanza hutokana na zuio ambalo halikufungwa vizuri siku ya kuondoka. La pili hutokana na haki ambayo mteja mwenyewe aliitoa kwa saini yake siku aliyopokea ufunguo.

Hoteli ina sababu ya kuomba dhamana, na hilo halina ubishi. Mgeni anayetoka nchi nyingine akivunja televisheni au akala chakula cha siku tatu na kutoroka, hakuna wa kumfuata. Lakini haki ya kuzuia fedha inakwenda pamoja na wajibu wa kuziachia. Wajibu huo ndio unaosahaulika, na mzigo wa usahaulifu huo humwangukia mgeni.

Hatua tatu za kadi

Mgeni anapofika mapokezi, mhudumu huchukua kadi na kuiingiza kwenye mashine. Katika hatua hii hoteli kwa kawaida haichukui fedha. Inaiuliza benki ya mteja, popote ilipo, kama akaunti ina kiasi fulani, na kuiomba benki ikiweke kando kiasi hicho. Benki ikikubali hutoa namba ya idhini, ambayo mara nyingi ni tarakimu au herufi 6, na namba hiyo huchapishwa kwenye karatasi inayotoka kwenye mashine. Kuanzia dakika hiyo salio analoweza kutumia mteja limepungua, ingawa fedha bado ziko kwenye benki yake.

Kiasi kinachozuiwa huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni gharama ya chumba kwa siku zote pamoja na tozo ya utalii ya Dubai, ambayo kwa kila chumba kwa usiku mmoja huwa kati ya dirham 7 na 20 kulingana na daraja la hoteli. Sehemu ya pili ni dhamana ya matumizi madogo madogo, kama vile simu, vinywaji vya kwenye jokofu la chumbani, dobi na uharibifu. Mgeni akiongeza siku za kukaa, hoteli huweza kuomba zuio jingine juu ya lile la kwanza.

Hatua ya pili ni siku ya kuondoka. Hapo hesabu ya kweli inajulikana, na hoteli inatakiwa kulikamilisha lile zuio la mwanzo kwa kiasi kilichotumika. Mhudumu huingiza kwenye mashine namba ileile ya idhini na kiasi halisi. Benki ya mteja inapopata ombi lenye namba hiyo hutambua kwamba hili ni lile la siku ya kwanza, hulipa kiasi kilichotajwa na kuachia kilichobaki.

Hatua ya tatu ni ya benki peke yake. Ombi la malipo husafiri kutoka benki ya hoteli, kupitia mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, hadi benki ya mteja. Safari hiyo huchukua siku moja hadi tatu hivi, na huweza kuzidi mwisho wa wiki na sikukuu. Ndipo neno "inasubiri" kwenye taarifa ya akaunti linapoondoka na malipo kuandikwa rasmi.

Zikifuatwa hivyo, hatua hizi hazina madhara makubwa. Tatizo linaanza pale hatua ya pili inapofanywa kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kuwapo.

Hesabu ya muuza parachichi

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa parachichi kutoka Njombe aliyekwenda Dubai kuonana na wanunuzi kwenye soko kuu la matunda na mboga la Al Aweer. Amefikia hoteli ya nyota tatu mtaa wa Deira kwa siku 5, kwa dirham 250 kwa usiku pamoja na kodi. Chumba ni dirham 1,250. Tozo ya utalii kwa daraja hilo ni dirham 10 kwa usiku, kwa hiyo ni dirham 50. Hoteli imeongeza dhamana ya dirham 100 kwa kila usiku, yaani 500. Jumla ya zuio ni dirham 1,800.

Thamani ya dirham imefungwa kwenye dola ya Marekani, ambapo dola 1 ni dirham 3.67 hivi. Kwa hiyo zuio hilo ni kama dola 490. Akaunti yake ya dola, ambayo kadi imeunganishwa nayo, ilikuwa na dola 1,200. Baada ya kupokea ufunguo amebakiwa na dola 710 za kutumia.

Siku ya kuondoka hesabu inaonyesha chumba na tozo dirham 1,300, na dobi dirham 60. Jumla ni dirham 1,360, sawa na dola 370 hivi. Mhudumu wa asubuhi si yule aliyempokea. Hana karatasi ya zuio mbele yake, au mashine anayotumia siyo ile ya siku ya kwanza. Anafanya lililo rahisi, yaani kuingiza dirham 1,360 kama mauzo mapya kabisa. Kadi inakubali, mgeni anapewa risiti, anashukuru na kuondoka.

Hapo benki ya mteja ina mambo mawili mbele yake ambayo haijui kwamba ni kitu kimoja. Kuna zuio la dola 490 lenye namba yake ya idhini, na kuna mauzo ya dola 370 yenye namba nyingine. Inayahesabu yote mawili. Dola 860 hazigusiki tena, na zimebaki 340. Mchana huo muuza parachichi anakwenda dukani kununua mizani na vifaa vya kufungashia vya dola 600, na kadi inakataliwa. Ndege inaondoka usiku.

Mhudumu angeikamilisha ile idhini ya mwanzo, hali ingekuwa tofauti. Hata katika zile siku moja au mbili za kusubiri, kilichozuiwa kingebaki dola 490 tu, na dola 710 zingetosha kununua mizani. Baada ya malipo kuandikwa, dola 120 za ziada zingerudi kwenye salio lake.

Ikumbukwe kwamba katika mfano huu hoteli haikuiba hata senti moja. Ilipata dirham 1,360, ambazo ni haki yake. Lile zuio la dola 490 litakufa lenyewe muda wake ukiisha. Lakini muda huo hupangwa na benki iliyotoa kadi pamoja na kanuni za mtandao wa kadi, na kwa zuio la hoteli huweza kufika siku 30. Kwa mwenye mshahara huo ni usumbufu. Kwa mfanyabiashara anayetakiwa kuwalipa wakulima wakati matunda yako mtini, mwezi mmoja ni msimu.

Kosa hilohilo hutokea pia kwa mgeni anayeamua kulipa kwa fedha taslimu siku ya kuondoka, au kwa kadi nyingine. Wengi hudhani wamemaliza kila kitu kwa kuwa hesabu imelipwa. Lakini hesabu ya chumba na zuio la kadi ni vitu viwili, na kulipa kimoja hakuondoi kingine. Zuio halijui kwamba mwenye kadi amelipa noti mezani.

Karatasi ndogo ndiyo shahidi

Njia ya kutambua kilichofanyika ni kuisoma karatasi inayotoka kwenye mashine kabla ya kuondoka kaunta. Karatasi ya siku ya kwanza kwa kawaida huandikwa PRE-AUTH, pamoja na kiasi, tarehe na namba ya idhini. Karatasi ya siku ya mwisho ikiandikwa COMPLETION, na namba ya idhini ikafanana na ile ya kwanza, kazi imefanywa vizuri. Ikiandikwa SALE na namba ya idhini ni tofauti, lile zuio la mwanzo bado liko hai. Maneno hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine, lakini namba ya idhini haidanganyi.

Mgeni akigundua kosa akiwa bado kaunta, marekebisho ni ya dakika chache. Anachotakiwa kuomba ni zuio la awali lifutwe kwenye mashine na apewe karatasi ya kufuta, ambayo mara nyingi huandikwa VOID au PRE-AUTH CANCEL. Mhudumu akisema kwamba zuio litaondoka lenyewe, anasema kweli nusu. Litaondoka, lakini yeye hajui ni lini, kwa sababu tarehe hiyo haiko mikononi mwake.

Ndiyo maana karatasi ya siku ya kwanza haifai kutupwa. Ikae pamoja na pasipoti hadi siku ya kuondoka. Asiye nayo hana namba ya kulinganisha, na atabaki kubishana kwa maneno.

Ipo njia nyingine ambayo kwa mwenye kadi ya kawaida ya benki ni nafuu zaidi. Hoteli nyingi za Deira hupokea dhamana kwa fedha taslimu na kutoa stakabadhi. Dhamana hiyo hurudishwa mkononi siku ya kuondoka baada ya chumba kukaguliwa. Hasara yake ni kwamba msafiri hulazimika kutembea na noti. Faida ni kwamba kadi haiguswi, na noti zikisharudi mfukoni hakuna benki inayohusika tena. Atakayechagua njia hii aulize mapema, kwa maana baadhi ya hoteli hutaka kadi hata kama chumba kimeshalipiwa.

Kwa nini benki husema subiri

Aliyerudi nyumbani na zuio lake huenda kwenye tawi la benki yake na kuambiwa asubiri. Jibu hilo huwaudhi wengi, lakini lina sababu. Benki ilipotoa namba ya idhini iliiahidi hoteli kwamba fedha zipo. Ikiziachia kwa ombi la mteja peke yake, na kesho yake hoteli ikaleta dai lenye namba ileile, benki itabanwa kulipa wakati mteja ameshazitumia fedha hizo. Hivyo inaogopa kuachia bila neno la hoteli.

Neno hilo linaweza kupatikana. Hoteli inaweza kuandika barua fupi, kwenye karatasi yenye nembo yake, ikitaja tarehe ya zuio, kiasi, namba ya idhini na tarakimu 4 za mwisho za kadi, na kutamka kwamba inaliachia zuio hilo na haitadai kwa namba hiyo. Barua itumwe kwa barua pepe kutoka anwani ya hoteli yenyewe kwenda kitengo cha kadi cha benki. Kitengo hicho kikiipata huweza kuliondoa zuio kabla ya muda wake. Namba nzima ya kadi haipaswi kuandikwa kwenye barua wala barua pepe, na hoteli inayoidai kwa njia hiyo isipewe.

Hapa ndipo benki zinapostahili lawama. Mhudumu wa tawi anayesema "subiri siku 30" bila kumtajia mteja barua hii anamnyima haki kwa ukimya. Mteja aliyepoteza wiki nne angeweza kupata fedha zake mapema zaidi, kama angeambiwa tu karatasi gani iombwe na kwa nani.

Lawama ya pili ni ya ujumbe wa simu. Baadhi ya benki hutuma ujumbe mmoja wenye maneno yaleyale, zuio likiwekwa au malipo yakifanyika. Mteja anasoma kwamba dola 490 zimetumika hotelini, halafu siku tano baadaye anasoma kwamba dola 370 zimetumika hotelini hapohapo. Lazima aamini kwamba ameibiwa. Benki inajua tofauti, kwa sababu mfumo wake umeliandika ombi la kwanza kama zuio. Kinachohitajika ni maneno mawili tofauti, moja la "zimezuiwa" na jingine la "zimelipwa", na ujumbe wa tatu pale zuio linapoondoka. Haihitaji mashine mpya wala sheria mpya.

Mteja ambaye malalamiko yake hayakushughulikiwa na benki yake hapa nchini hajafika mwisho wa njia. Benki Kuu ya Tanzania ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na mwaka 2019 zilitolewa kanuni za kuwalinda watumiaji hao. Sharti ni kwamba lalamiko lianzie kwenye benki yenyewe, na kwa maandishi, ili kuwe na cha kuonyesha.

Gari lina mkia mrefu kuliko chumba

Malalamiko ya aina ya pili, yaani kukatwa baada ya kurudi nyumbani, huwapata zaidi waliokodi magari. Tuseme muuza parachichi yule alichukua gari kwa siku mbili ili azungukie maghala ya baridi na kuvuka kwenda kwa wanunuzi wa Sharjah. Kampuni ilizuia dirham 1,500. Alirudisha gari likiwa zima, tangi limejaa, akaagana nao kwa amani. Hata hivyo fedha hazikuachiwa siku hiyo, na pengine hazitaachiwa hadi wiki mbili, tatu au nne zipite.

Sababu ni kwamba gari huendelea kuzalisha madeni ambayo hayaonekani siku ya kulirudisha. Dubai ina malango ya tozo ya barabara yanayoitwa Salik, ambayo husoma gari linapopita bila kulisimamisha. Anayekwenda Sharjah kwa barabara kuu hupita lango la Al Mamzar. Tangu tarehe 31 Januari 2025 tozo si moja kwa saa zote. Siku za kawaida ni dirham 6 saa za msongamano, asubuhi na jioni, na dirham 4 saa nyingine, na kati ya saa 7 na saa 12 alfajiri ni bure. Kampuni nyingi huongeza ada yao juu ya kila lango. Mbali na tozo kuna faini za mwendo kasi na maegesho, ambazo kamera huziandika kwa namba ya gari, na huchukua siku kadhaa kuonekana kwa mwenye gari.

Kampuni inasubiri hayo yote yajitokeze. Ndiyo maana karatasi ya mkataba ina kifungu kinachosema kwamba mteja anakubali kadi yake ikatwe baadaye kwa tozo, faini, mafuta na uharibifu. Kifungu hicho kikishasainiwa, ukataji unaofuata si mauzo mapya yanayohitaji mteja awepo na kadi mkononi. Kanuni za Visa zinaziruhusu hoteli na kampuni za magari kutoza gharama za namna hii zilizochelewa ndani ya siku 90 tangu mteja aondoke au arudishe gari, mradi zitokane na huduma ile na mteja awe alizikubali.

Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba zuio likishaondoka, habari imekwisha. Zuio ni dhamana ya muda. Dai huweza kuja hata baada ya zuio kufa, na benki ikilipokea italipeleka kwenye akaunti. Mwenye kadi ambaye amesharudi nyumbani na kuzitoa fedha zote kulipa wakulima anaweza kukuta akaunti imeingia kwenye deni.

Dai la kweli na dai la kubambikiwa

Dai lililochelewa si lazima liwe la uongo, na si lazima liwe la kweli. Linapimwa kwa saa. Mkataba wa gari huandikwa saa ya kulichukua na saa ya kulirudisha. Kila faini ina tarehe na saa yake, na kila lango la Salik hali kadhalika. Faini ya saa 10 jioni kwa gari lililorudishwa saa 6 mchana siku hiyohiyo si ya mteja yule, ni ya aliyelichukua baada yake au ya mfanyakazi aliyelipeleka kuoshwa. Mteja ana haki ya kuomba orodha yenye saa, na faini za Dubai zinaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya polisi wa huko kwa kutumia namba ya gari. Hivyo namba hiyo nayo iandikwe mahali kabla ya kuondoka.

Turudi kwenye zile dirham 1,500. Tuseme kampuni imekata dirham 690. Ikileta orodha inayoonyesha malango 6 ya dirham 6, yaani 36, ada yake ya dirham 54 na faini moja ya dirham 600 ndani ya saa za mkataba, dai hilo limesimama hata kama linauma. Ada ya kampuni nayo ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Ikileta tarakimu 690 peke yake na neno "gharama mbalimbali", hiyo si hesabu, na isikubaliwe kama hesabu.

Kwa uharibifu kipimo ni kingine. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu gereji haziruhusiwi kutengeneza gari lililogongwa bila karatasi ya polisi. Kampuni inayodai bamba lilibonyezwa na likatengenezwa inatakiwa kuwa na karatasi hiyo, yenye tarehe. Mteja aliyepiga picha pande zote nne za gari, magurudumu na kipimo cha mafuta wakati wa kulichukua na wakati wa kulirudisha, ana cha kuweka mezani. Asiye na picha ana neno lake tu, na neno la mtu aliye maili 2,000 halina uzito mbele ya fomu iliyosainiwa.

Dai lisipokuwa na uthibitisho, mwenye kadi huwaandikia kwanza kampuni yenyewe na kuomba mchanganuo. Wasipojibu au jibu lisiporidhisha, hupeleka pingamizi kwenye benki yake ili irudishe dai hilo kupitia mtandao wa kadi. Kwa aina nyingi za madai dirisha la benki kufanya hivyo ni siku 120, lakini benki nyingi huwapa wateja wao muda mfupi zaidi, kwa hiyo kuchelewa ni kupoteza. Pingamizi linalofanikiwa ni lile lenye mkataba, picha, karatasi za mashine na barua zilizoandikwa. Na lihusu kiasi kinachobishaniwa tu. Anayepinga dirham 690 zote wakati 36 za Salik ni zake hudhoofisha dai lake mwenyewe.

Nani abebe mzigo

Wenye hoteli hujitetea kwamba wageni ni wengi, zamu hubadilika, na zuio hufa lenyewe hata wasipofanya kitu. Utetezi huu una kasoro moja kubwa. Zuio ni ombi la hoteli, limewekwa kwa mashine ya hoteli, na mwenye uwezo wa kulifuta kwa dakika moja ni hoteli. Mgeni hana kitufe cha kubonyeza. Haiwezekani anayeshika ufunguo awe ndiye asiyewajibika kufungua.

Wengine husema dawa ni kutumia kadi ya mkopo. Ni kweli kwamba kadi ya mkopo huzuiwa kwenye kikomo cha mkopo na si kwenye fedha taslimu za mwenyewe, na kampuni nyingi za magari huitaka hiyo tu. Lakini wafanyabiashara wengi wadogo wa Tanzania hawana kadi za namna hiyo. Wana kadi inayokwenda moja kwa moja kwenye akaunti, na kila kinachozuiwa ni jasho lao. Kinachowezekana kwao leo ni kufungua akaunti ya pili yenye kadi yake kwa ajili ya hoteli na gari peke yake, na kuiacha na kiasi kidogo hadi siku 90 zipite. Kadi yenye mtaji wa bidhaa isitolewe kaunta ya mapokezi.

Nchi hii inataka wakulima na wasindikaji wake wauze nje wao wenyewe badala ya kumtegemea dalali. Atakayefanya hivyo atalala kwenye hoteli za watu na kuendesha magari ya watu. Benki zilizompa kadi zinajua siku anayowekewa zuio, kiasi chake na namba yake ya idhini. Kumwambia hayo kwa lugha anayoielewa, siku hiyohiyo akiwa bado karibu na kaunta ya hoteli, ni huduma ndogo ambayo ingeokoa mitaji mingi. Hadi hapo zitakapofanya hivyo, kila msafiri alinganishe namba mbili za idhini kabla ya kubeba begi lake.